Mwenzetu kazini amefariki, timu niwaambieje?

"Nasimamia timu ya watu 14. Mmoja wao amefariki jana usiku, mke wake kanipigia leo alfajiri. Nane wanakuja ofisini, wanne wanafanyia kazi nyumbani, mmoja yuko likizo. Nimeshaandika meseji ya kuweka kwenye grupu letu la wasapu ila mkono umegoma kutuma. Mtu wa idara nyingine kashaniuliza kama ni kweli kajiua, na mimi mke wake hajaniambia sababu. Kwenye timu kuna rafiki yake mkubwa, wamekaa meza za kupakana miaka. Nianzie wapi, na hawa watu nitawasaidiaje?"

Pole sana ndugu yangu. Na wewe umefiwa, hilo watu huwa wanalisahau wakimuona msimamizi anakimbizana na simu. Hiyo meseji usiitume. Usiifute pia, nusu yake itakufaa baadaye mchana, ila sio iwe ya kwanza na sio kwenye hilo grupu.

Fikiria simu ya marehemu. Namba yake bado imo kwenye grupu lenu, na simu yenyewe saa hizi iko mkononi mwa mkewe au mdogo wake au mwanae mkubwa, kioo kinawaka kila meseji ikiingia. Mtu akiandika "jamani ni kweli?" na mwingine "nasikia alikuwa na madeni" na mwingine akauliza nani atamalizia ile ripoti yake, familia inasoma yote, tena inayasoma kabla haijamaliza hata kuwaambia ndugu. Halafu kuna wanaojiona wajanja, wanamtoa marehemu kwenye grupu ili waongee wenyewe, kumbe grupu linaandika pale pale kwamba fulani kamwondoa fulani, na linabaki limeandikwa. Mwacheni humo, msiandike chochote, na ikibidi fungueni grupu jingine la mipango.

Shida nyingine ya meseji ni kwamba haichagui inamkuta mtu wapi. Mmoja yuko barabarani anaendesha, mwingine yuko kwenye simu na mteja mwenye hasira, na yule rafiki yake atasoma akiwa kwenye foleni katikati ya watu asiowajua. Habari ya namna hii mtu anatakiwa aisikie kwa mdomo wa mtu anayemjua, akiwa amekaa, na pawe na mtu wa kubaki naye dakika kumi zinazofuata.

Kabla hujamwambia yeyote, piga simu moja zaidi kwa familia. Najua inaonekana kama kuwasumbua, lakini ndio simu itakayokuokoa siku nzima, na haichukui dakika tano. Kama mke hawezi kuongea, omba ndugu aliye karibu naye. Mwambie hivi: "Shemeji, pole tena. Wenzake wanaanza kuingia kazini na wameshaanza kuuliza. Naomba ruhusa yako niwaambie asubuhi hii. Na ungependa tuseme nini kuhusu kilichotokea? Halafu kuanzia sasa niwasiliane na nani, ili wewe usipigiwe simu na kila mtu?" Hayo matatu tu: ruhusa, sababu, na mtu wa kuwasiliana naye. Mambo ya mazishi, mshahara, vitu vyake mezani, usiyaguse leo labda ayaanzishe mwenyewe.

Mara nyingine familia inakwambia subiri kwanza. Usibishane, uliza tu mpaka saa ngapi, maana karibu kila mara sababu ni kwamba kuna mtu wao hajaambiwa bado, mama mzazi au mtoto aliye shule, na hakuna kitu kibaya kama mama mtu kupigiwa simu ya pole na mtu wa ofisini kabla hajajua. Ukijibiwa saa 4, basi ni saa 4. Ila usijiongezee muda mwenyewe kwa kusubiri "taarifa kamili". Hapo ndipo mabosi wengi wanapoteleza, wanataka wapate kwanza siku ya mazishi, sababu, ratiba, barua rasmi ya mkurugenzi, mpaka jioni inafika na watu wote wameshajua kwa njia za pembeni, tena wamejua vibaya. Kwako uvumi umeshaanza, kwa hiyo una masaa, huna siku. Lenga watu wako wote 13 wawe wamejua kabla ya saa 5 asubuhi.

Bosi wako na watu wa rasilimali watu wape taarifa mapema, simu fupi, na waombe jambo moja: wasitume barua pepe ya kampuni nzima mpaka uwaambie kwamba timu yako imeshajua. Usipowaomba hivyo, mtu wa ofisi kuu atatuma saa 2:40 kwa nia njema kabisa na kazi yako yote itakuwa imekwisha.

Sasa, anza na yule rafiki. Yeye peke yake, kabla ya wengine wote. Kama bado hajatoka nyumbani na unaweza kumfikia, mfuate, au mpigie umuombe akuone ofisini kwako akifika tu, bila kusema kwa nini. Kama anaendesha usimwambie njiani hata akikubana vipi, mwambie tutaongea ukifika. Chumba chenye mlango, simu yako imezimwa sauti, mkalie karibu na sio ng'ambo ya meza. Na uwe umeshapanga nani atamrudisha nyumbani, maana kuna watu wanaonekana wametulia kabisa, wanasema niko sawa, wanachukua funguo, halafu wanapata ajali kwenye mzunguko wa kwanza.

Maneno yenyewe yawe machache. "Nina habari mbaya sana. Fulani amefariki jana usiku. Mkewe kanipigia leo alfajiri." Halafu nyamaza. Tumia neno hilohilo, amefariki. Ukisema "ametuacha" kwa mtu wa kazini anaweza kudhani kaacha kazi, na ukisema "amepatwa na tatizo" ataanza kuuliza yuko hospitali gani, sasa itabidi umwambie mara ya pili. Na usizunguke na utangulizi mrefu, kila sentensi ya utangulizi ni sentensi ambayo mwenzio anakaa na moyo mkononi.

Baada ya hapo muulize kama anataka kuwepo wengine wakiambiwa au angependa aondoke kabla. Hapo hakuna jibu sahihi, ni lake. Ila usimpe kazi. Usimwambie awaambie wengine, wala aandike wasifu, wala afungashe vitu vya meza ya jirani yake. Watu wanampa rafiki wa karibu hizo kazi wakidhani wanamheshimu, kumbe wanamfanya ahudumie msiba wa ofisi badala ya kuomboleza wa kwake. Akiomba mwenyewe, sawa, mpe.

Wakati unaongea naye jiulize na hili: nani mwingine ataguswa kwa namna ambayo haionekani? Yule aliyegombana naye wiki iliyopita. Yule aliyeongea naye mwisho jana. Yule aliyefiwa mwezi uliopita ambaye ndio kwanza ameanza kurudi sawa. Hao sio lazima uwaambie peke yao, ila waandike mahali, ukimaliza kikao uwafuate mmoja mmoja.

Kuhusu kikao, wale nane waite pamoja, na wale wanne wa nyumbani wapigiwe simu muda huohuo. Najua wengi wanapenda kuwaunganisha wote kwenye kikao kimoja cha mtandaoni ili wasikie sawa, na kama watu wangekuwa 40 ningekubali, hakuna namna. Kwa wanne mimi naona bora simu. Kwenye kikao cha mtandaoni anayekaa peke yake anasikia habari, anaona vichwa vya wenzake vimeinama, halafu kikao kinakatwa na anabaki anaangalia kioo cheupe. Kwa hiyo msaidizi wako awapigie wanne hao wakati wewe uko na wale nane, mkianza kwa wakati mmoja, na mumalize karibu wakati mmoja ili hakuna anayemwandikia mwenzie kabla. Kila simu ianze na swali: "Uko wapi, umekaa? Kuna mtu hapo na wewe?" Kama yuko peke yake, muulize nani anaweza kuja kukaa naye, na umpigie tena mchana. Aliye likizo naye apigiwe. Watu wanasema tumuache apumzike ataambiwa akirudi, huo wema una mwisho mbaya, atarudi akute mazishi yamepita na ninyi wote mlijua.

Ukiwaita wale nane usiite kwa kichwa cha "taarifa ya kusikitisha", watu watadhani kuna punguzo la wafanyakazi na watakaa wanahesabiana. Andika tu: "Naomba tukutane chumba cha mikutano saa 3 kamili, dakika 15, simu za wateja zisubiri." Wakishakaa, usianze na ratiba. Sema hivi, hata ukisoma kwenye karatasi hakuna atakayekulaumu:

"Nina habari nzito. Fulani amefariki jana usiku. Mkewe amenijulisha asubuhi hii na ametupa ruhusa kuwaambia. Kuhusu kilichotokea, familia haijatueleza, kwa hiyo mimi sijui na sitabahatisha. Nawaomba na ninyi msibahatishe, mdomoni wala kwenye simu. Nikijua zaidi kuhusu mazishi nitawaambia mimi mwenyewe. Leo hakuna anayelazimika kufanya kazi kama kawaida. Tukae kidogo."

Ni kama nusu dakika tu ya kuongea. Sio kwamba watu hawataki maelezo, ni kwamba hawawezi kuyapokea. Mtu akipigwa na mshtuko anasikia sentensi ya kwanza, zinazofuata zinampita, umakini wote umebanwa kwenye lile neno moja, na hata ukimpa tarehe na namba ya simu baada ya dakika kumi atakuuliza tena kama hukusema. Ndio maana maelezo yanakuja baadaye kwa maandishi.

Baada ya kusema, nyamaza na uvumilie ukimya, dakika mbili zitaonekana ndefu sana. Kuna atakayelia, kuna atakayetoka nje, kuna atakayecheka kicheko cha ajabu, na kuna mmoja atauliza "kwa hiyo ule mkutano wa saa 8 upo?" na wenzake watamkata jicho. Mtetee huyo. Sio kwamba hana utu, akili imekimbilia kitu kinachoeleweka. Sema tu, "Umeahirishwa, nitauhangaikia mimi," na uendelee. Wewe kilio kikikujia, lia, haidhuru, ilimradi usiwafanye wao ndio wakubembeleze.

Hapa kuna wazo ambalo mabosi watakuletea, kwamba aitwe mshauri leo hii awakalishe watu wote duara, kila mmoja aeleze anavyojisikia, "wayatoe". Nia ni nzuri ila usikubali iwe lazima. Vikao vya namna hiyo vya mara moja, vya kulazimisha watu kusimulia mara tu baada ya tukio, vimefanyiwa utafiti wa kutosha na havikuonekana kuwakinga watu na madhara ya baadaye, na kwa baadhi vilizidisha. Kuna mtu anahitaji kuongea leo, kuna mwingine anahitaji kunyamaza mpaka wiki ijayo, na huyo wa pili akilazimishwa mbele ya wenzake anafungwa zaidi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia, na kiini chake ni vitendo vitatu rahisi: kuangalia, kusikiliza, kuunganisha. Kwa siku yako ya leo maana yake unapita mezani kwa watu unaangalia nani hajala, nani mikono inatetemeka, nani katoweka chooni muda mrefu. Anayetaka kuongea unamsikiliza bila kumpa mawaidha. Na anayehitaji kitu unamuunganisha nacho, iwe ni usafiri wa kurudi nyumbani, simu ya ndugu yake au namba ya mshauri. Mshauri aje ndio, akae kwenye chumba chake, watu waambiwe yupo kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, anayetaka aende.

Sasa huo uvumi. Yule aliyekuuliza mjibu leo leo, tena kwa upole: "Sababu familia haijasema, mimi sijui, naomba usiiendeleze, mkewe anaweza kuisikia." Basi. Usimkaripie na usimwambie "hapana sio kweli", maana hujui, na ikija kuwa kweli watu hawatakuamini tena kwa lolote.

Familia ikija kuthibitisha kwamba ni kujiua na ikakubali isemwe, sema hivyo kwa maneno ya kawaida, mara moja, bila njia aliyotumia, bila mahali, bila alichoandika, na bila kusema "ni kwa sababu ya" kitu kimoja, iwe mkopo, ndoa au bosi fulani. Sio suala la adabu tu. Maelezo ya njia yanaweza kumsukuma mtu mwingine aliye kwenye hali ngumu, na ile sababu moja inamfanya mwenye tatizo kama hilo aone kwamba huo ni mlango. Kwa sababu hiyohiyo epuka "sasa amepumzika na shida zake". Kujiua karibu kamwe hakuna sababu moja. Familia ikikataa isisemwe, heshimu, ila usitunge ugonjwa. "Familia imeomba faragha" ni kweli na inatosha.

Na kama unamuhofia mtu kwenye timu, labda yule rafiki, muulize wazi wazi faraghani: "Umekuwa ukifikiria kujiua?" Watu wanaogopa kwamba ukiuliza utampandikizia wazo, haiko hivyo, kuulizwa hakuleti wazo, na wengi wanashusha pumzi kwamba hatimaye kuna mtu kathubutu. Akijibu ndiyo, usimuache peke yake, muunganishe siku hiyohiyo na daktari au huduma ya dharura na mtu wake wa karibu, hiyo haisubiri kesho na wala sio siri ya kutunza.

Kikao na simu zikishaisha, ndipo ile meseji yako inapata kazi. Itume kwa barua pepe, au mmoja mmoja, au kwenye grupu lile jipya. Inaweza kuwa hivi:

"Wenzangu, kama nilivyowaeleza asubuhi, Fulani amefariki jana usiku. Sababu familia haijatueleza, naomba tusibahatishe. Anayewasiliana na familia kwa niaba yetu ni mimi, tafadhali msimpigie mkewe kwa sasa. Taarifa za mazishi nitawapa nikizipata. Kazi za leo zilizoahirishwa ni hizi, na mbili zisizoweza kusubiri zitashikwa na fulani na fulani. Anayehitaji kwenda nyumbani aende, aniambie tu. Mshauri yupo chumba namba fulani kuanzia saa 6 mpaka saa 10. Kesho asubuhi tutakutana tena dakika 15."

Hicho kikao cha kesho usikiruke, maana maswali ya kweli yanakuja siku ya pili, watu wakishalala au wakishindwa kulala.

Kwenye kazi za leo kuwa mkali kidogo. Chukua orodha, jiulize kipi kikilala leo kitaumiza mtu, mara nyingi ni viwili au vitatu, vingine funga. Mteja aliyekuwa akiongea na marehemu mwambie wewe kwa simu kabla hajaandika kuuliza kazi yake. Usiwalazimishe watu waende nyumbani pia, kuna anayeishi peke yake na kwake ofisini na wenzake ndio mahali salama kwa leo.

Tuje kwenye kusaidia familia. Tatizo la kazini huwa sio watu kukosa moyo, ni kwamba moyo unaenda kwa vurugu: watu tisa wanampigia mjane jioni moja, kila mmoja anauliza "ilikuwaje?". Ndio maana ya mtu mmoja wa kuwasiliana. Mnaotaka kumwandikia, andikeni, ila msiishie na "ukihitaji chochote niambie", maana huyo mama hana nguvu ya kufikiria anahitaji nini na nani amuombe. Toeni kitu chenye umbo: "Jumatano naweza kuwachukua watoto shule, nikwambie saa ngapi nitafika?" Na mkiandika salamu za pole, wekeni jambo moja mlilomuona akifanya kazini, dogo tu, alivyokuwa anamrudishia mlinzi salamu kwa jina, alivyomfundisha mtu mpya kutumia ule mfumo bila kumcheka. Mkewe anajua mume alivyokuwa nyumbani, upande huu mwingine hajauona, na hizo karatasi watu huwa wanazitunza miaka.

Mchango mkikusanya, uwe wa hiari kweli. Mtu mmoja akusanye, kiasi cha kila mtu asikijue mwingine, orodha yenye majina na namba isipite. Kwenye timu yako kuna mtu ambaye mwezi huu hana, na hatakwambia.

Kuhusu kwenda kuzika, sema mapema nani anaruhusiwa, kwamba siku hiyo haikatwi kwenye likizo kama ndio hivyo, na nani atabaki kushika simu. Usipotamka watu wanakisia, na wa cheo cha chini wanakisia kwamba hawaruhusiwi. Haki za marehemu, yaani mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo iliyobaki, bima, mafao, usiahidi kiasi chochote kwa mdomo wako, kila sehemu ina sheria na nyaraka zake. Kazi yako ni kuhakikisha kuna mtu mmoja mwenye jina na simu anayefuatilia, na kwamba mjane haambiwi leo lete hiki, kesho lete kile.

Kuna sehemu ambayo karibu kila ofisi inaisahau, na ndio inayochoma watu wiki mbili baadaye: mitambo haijui kwamba mtu amefariki. Mwambie mtu wa IT asiifute akaunti yake. Ikifutwa haraka, vikao vyote alivyokuwa ameviandaa vinaweza kuanza kujifuta vyenyewe na watu wanapokea ujumbe wenye jina lake, "Fulani ameahirisha mkutano", saa 9 mchana wakiwa wametulia. Badala yake abadilishe nywila, aweke jibu la moja kwa moja la sentensi mbili linalomuelekeza mtu kwa mwingine bila kusema "hayupo ofisini kwa sasa", na barua zinazoingia azielekeze kwa mtu mmoja tu, asiwe yule rafiki. Vikao vya kujirudia vihamishwe kimoja kimoja kwa mwenyeji mpya. Aangalie kama kuna mfumo unaotuma namba ya kuhakiki kwenye simu ya marehemu, maana mkikwama mtajikuta mnamuomba mjane awasomee namba kutoka kwenye simu ya mumewe, sitaki hata kuifikiria. Tafuta pia ule mfumo unaotangaza siku za kuzaliwa na "miaka mitano kazini", mtoe humo. Mtoe kwenye ratiba ya zamu. Na kompyuta yake isisafishwe kabla familia haijaulizwa, watu wanaweka humo picha za watoto.

Meza yake iacheni kama ilivyo mpaka baada ya mazishi angalau, halafu ulizeni familia kama inataka kuja yenyewe au mfungashe ninyi. Mkifungasha muwe wawili, jioni watu wakiwa wameondoka, kila kitu kiandikwe, hata kikombe. Usimkalishe mtu mpya hapo kimya kimya Jumatatu. Waambie timu siku gani meza itahama na muulize yule jirani yake angependa iweje, wengine wanataka iondolewe upesi, wengine hawataki iguswe mwezi mzima, na utalazimika kuamua katikati. Nafasi yake ya kazi hivyohivyo: gawa kazi kwa muda kwa maandishi, yenye tarehe ya mwisho, maana bila tarehe kazi ya marehemu inamhamia mmoja mpole moja kwa moja na baada ya miezi miwili huzuni inageuka kinyongo. Ukianza kutafuta mtu wa kuziba nafasi, timu isikie kutoka kwako kabla tangazo halijatoka.

Halafu usitegemee watu wapone kwa hatua, leo mshtuko, wiki ijayo hasira, mwezi ujao wamekubali. Huzuni haitembei kwa mstari, mtu anakuwa sawa wiki tatu, anasikia mlio wa simu unaofanana na wake anavunjika. Hiyo ni kawaida. Cha kuangalia ni mwelekeo, wiki zikipita mawimbi yawe yanapungua nguvu au yanaachana zaidi. Mtu ambaye baada ya wiki mbili au tatu bado hapati usingizi, hali chakula, amezidisha pombe, anakosea kazi alizokuwa anazifanya akiwa amefumba macho, au anajilaumu kwa kifo ("ningempigia ile jioni"), huyo usimuachie muda tu, mkalishe, mwambie ulichokiona bila kumpa jina la ugonjwa, na umsaidie apate miadi na mshauri au daktari, ikibidi umsindikize. Na kuna wachache ambao majonzi yanabaki makali vilevile kila siku yakiwazuia kuishi hata baada ya miezi 6, hiyo kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inatambulika kama hali yenye jina lake na tiba yake, sio udhaifu wa mtu.

Kwa wewe mwenyewe, chagua leo mtu mmoja wa nje ya timu utakayempigia jioni, msimamizi mwenzako au ndugu, mtu ambaye sio lazima uwe imara mbele yake. Ila kwanza ile simu kwa shemeji, sasa hivi, kabla watu hawajaanza kuingia.